Kufupisha makala ya FEAST kwa mwanafunzi mgeni: hotuba kwa wakufunzi wa tiba

Wakufunzi wenzangu, matabibu mlioacha wodi kwa saa hii moja, na ninyi wanafunzi wa mwaka wa kwanza mliojibanza nyuma, nawasalimu nyote.

Mada niliyopewa ni kufupisha makala ndefu ya utafiti, mbinu zake na matokeo yake, kwa mwanafunzi ambaye ndiyo kwanza anaingia kwenye fani. Mada hii inaweza kuzungumzwa hewani mpaka watu wasinzie, kwa hiyo nitashika makala moja tu na sitaiachia. Ni ripoti ya FEAST, jaribio la maji ya mshipani ya haraka kwa watoto mahututi, iliyochapishwa mwaka 2011 katika jarida la New England Journal of Medicine, ikiongozwa na Kathryn Maitland wa Kilifi. Nimeichagua kwa sababu ni ya kwetu, hospitali zake mnazijua, na kwa sababu ni rahisi mno kuifupisha vibaya.

Basi tuanze na ule muhtasari mbaya. Mnausikia kwenye korido: "FEAST ilionyesha kwamba kumpa mtoto mahututi maji ya mshipani kunaongeza vifo kwa asilimia 45." Namba hiyo haikubuniwa, imo ndani ya makala. Lakini mwanafunzi akiondoka na sentensi hiyo peke yake, usiku wa zamu yake ya kwanza anaweza kumnyima dripu mtoto wa kipindupindu, na mtoto huyo akafa kwa kukaukiwa. Kilichokosekana ni mambo manne: mtoto gani, maji kiasi gani na kwa kasi gani, akilinganishwa na nani, na hiyo asilimia 45 ni ya nini. Matatu ya kwanza yako kwenye sehemu ya mbinu. La nne liko kwenye jedwali la matokeo, kwa anayejua kulisoma.

Ndiyo maana nawaomba msiandike muhtasari kutoka kwenye ikisiri. Ikisiri ya makala hii ni nzuri na haifichi kitu. Tatizo ni kwamba imeandikwa kwa mtu ambaye tayari anajua mapana ya suala, na jambo la uhai na kifo, yaani watoto wenye kuhara na wenye utapiamlo mkali hawakuhusishwa, limepita humo kwa sentensi moja fupi. Msomaji mzoefu anaikamata. Mgeni anairuka kwa sababu hajui kwamba ina uzito. Someni mbinu kwanza, kisha mchoro wa mtiririko wa washiriki, kisha jedwali la kwanza linaloeleza watoto walikuwaje, kisha jedwali la vifo. Ikisiri iwe ya mwisho, ya kuhakiki tu kwamba hamkuelewa kinyume.

Kabla ya mbinu, mwanafunzi anahitaji aya moja ya kumwambia kwa nini watu waliuliza swali hili. Msimpe historia ya miaka hamsini. Mwambieni hivi: mtoto mwenye maambukizi makali anaweza kufikia hali ambapo damu haifiki vizuri kwenye viungo, mikono na miguu inapoa, mapigo yanakuwa hafifu na ya kasi. Katika nchi tajiri ilikuwa desturi kummiminia maji mengi ya mshipani kwa haraka, kwa hoja kwamba mishipa ikijaa damu itazunguka vizuri. Desturi hiyo ilikuwa imesimama juu ya ushahidi mwembamba, na huku kwetu ilikuwa haijapimwa ipasavyo kwenye hospitali zisizo na chumba cha uangalizi mahututi wala mashine ya kupumulia. Basi, mwisho wa utangulizi. Wakufunzi wengi hukaa hapa kurasa mbili, mwanafunzi akachoka kabla hajafika kwenye utafiti wenyewe.

Sasa mbinu. Hapa ndipo naomba tukae.

Swali la kwanza: ni nani aliyeingia? Jaribio lilifanyika kwenye hospitali sita: Kilifi nchini Kenya, Teule ya Muheza nchini Tanzania, na nne za Uganda, yaani Mulago, Mbale, Soroti na Lacor. Watoto walikuwa wa umri wa kuanzia siku 60 hadi miaka 12. Ili mtoto aingie ilibidi awe na mambo matatu kwa pamoja. Awe na ugonjwa mkali wenye homa. Awe amelegea kiasi cha kushindwa kukaa au amepoteza fahamu, au apumue kwa shida, au vyote viwili. Na awe na dalili angalau moja ya mzunguko hafifu wa damu.

Hilo la tatu ndilo mihtasari mingi hulitupa kwa neno moja, "shoki", na hapo mwanafunzi anapotea. Mpeni dalili zenyewe, kwa sababu ni vitu atakavyovifanya kwa mikono yake. Unabonyeza ukucha, unaachia, unahesabu: damu ikichukua sekunde 3 au zaidi kurudi, hiyo ni dalili. Unapitisha mkono kwenye mguu kutoka unyayoni kwenda juu: chini pakiwa baridi na juu pana joto, hiyo ni dalili. Mapigo kwenye kifundo cha mkono yakiwa hafifu, ni dalili. Moyo ukienda mbio kupita 180 kwa dakika kwa mtoto chini ya mwaka mmoja, kupita 160 kwa wa mwaka 1 hadi 5, au kupita 140 kwa mkubwa zaidi, hiyo nayo ni dalili. Moja tu ilitosha. Ni kigezo kipana kuliko shoki ya mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, ambao ulidai dalili zote kwa pamoja: mikono na miguu baridi, damu kuchelewa kurudi, na mapigo hafifu yenye kasi. Watoto waliotimiza kigezo hicho kikali ndani ya jaribio zima walikuwa 65 tu. Namba hiyo itafaa tutakapofika kwenye mabishano.

Swali la pili, na hili liandikeni kwa herufi nzito: nani alizuiwa kuingia? Mtoto mwenye utapiamlo mkali hakuingia. Mwenye kuhara na kutapika kwa ugonjwa wa tumbo hakuingia. Wala hakuingia ambaye shoki yake haikutokana na maambukizi, kama aliyeungua au aliyepata ajali. Mwanafunzi aone maana yake kwa namba. Chukueni mtoto wa miaka miwili mwenye kilo 10 aliyekaukiwa vibaya kwa kuhara. Mwongozo wa kawaida unampa mililita 100 kwa kila kilo: 30 za mwanzo ndani ya nusu saa, 70 zinazobaki kwa saa mbili na nusu. Ni mililita 300 ndani ya dakika 30, maji ya kasi kuliko waliyopewa karibu watoto wote wa FEAST, na ndiyo yanayomwokoa. FEAST haina neno lolote la kusema juu yake, kwa sababu mtoto wa namna hiyo hakuwamo. Mtoto wa kuhara amepoteza maji na anarudishiwa. Mtoto wa homa kali hajapoteza maji kwa namna hiyo. Mishipa, moyo na chembe zake vimevurugwa na maambukizi, na kuongeza maji ni jambo tofauti kabisa.

Swali la tatu: walifanyiwa nini, na wakilinganishwa na nini? Watoto waligawanywa kwa nasibu katika makundi matatu. Kundi moja lilipewa haraka albumini ya asilimia 5, la pili maji ya chumvi ya asilimia 0.9, na la tatu halikupewa maji ya haraka. Kipimo cha mwanzo kilikuwa mililita 20 kwa kilo ndani ya saa moja. Dalili zikiendelea mwisho wa saa, mtoto aliongezewa 20 nyingine. Katikati ya jaribio, mwezi Juni 2010, protokali ilibadilishwa na kipimo cha mwanzo kikapandishwa hadi 40. Badiliko hili lisiachwe, kwa sababu mwanafunzi akifungua makala akaona "20 hadi 40" atadhani kila daktari alikuwa anaamua mwenyewe.

Na hapa kuna kosa ambalo nimeliona kwenye vijitabu vya kufundishia: kundi la tatu kuitwa "wasiopewa maji". Si kweli. Watoto wote, wa makundi yote, walipewa maji ya kawaida ya dripu, mililita 2.5 hadi 4 kwa kilo kwa saa. Wote walipata dawa za kuua vijidudu au za malaria, glukosi, na oksijeni kadiri mwongozo wa nchi ulivyoagiza. Na mwenye hemoglobini chini ya gramu 5 aliongezewa damu, mililita 20 kwa kilo kwa saa 4. Kilicholinganishwa ni kasi na wingi, si maji na ukavu.

Mfanyieni mwanafunzi hesabu ya mtoto wa kilo 10, maana mililita kwa kilo hazimwingii kichwani mpaka azione kwenye chupa. Mtoto wa kati, yaani aliye katikati ukiwapanga wote kwa kiasi cha maji waliyopata, katika makundi ya maji ya haraka, mwisho wa saa ya kwanza, alikuwa amepata mililita 20 kwa kilo, yaani 200 kwa mtoto wetu. Kwenye kundi la kulinganishia, mtoto wa kati alikuwa amepata 1.2 kwa kilo: mililita 12, vijiko viwili na nusu vya chai. Baada ya saa nane ni 400 kwa 101. Chora chupa mbili ubaoni na uweke alama. Kila atakachosoma baadaye kwenye jedwali la vifo kinatokana na tofauti ya chupa hizo mbili.

Upangaji wa nasibu nao unahitaji maelezo mafupi lakini si ya kukariri. Bahasha zilikuwa zimefungwa, hazionyeshi ndani, zimepewa namba mfululizo, nazo zilifunguliwa kwa mpangilio wa namba. Faida yake ni kwamba daktari hakuweza kuona mtoto yuko hoi akamchagulia kundi alilodhani litamwokoa. Kama angeweza kufanya hivyo, wagonjwa zaidi wangerundikana upande mmoja na tofauti ya vifo isingekuwa na maana. Je, wauguzi walijua mtoto yuko kundi gani? Walijua, chupa ilikuwa inaning'inia mbele yao. Huo ni udhaifu, uandikeni. Lakini uandikeni pamoja na kinachoupunguza: kilichohesabiwa kama matokeo makuu ni kifo ndani ya saa 48, na kifo hakitegemei maoni ya anayekitazama. Kwa yale yanayotegemea maoni, kama vile kama mapafu yalijaa maji, kulikuwa na kamati iliyopitia kumbukumbu bila kujua kundi la mtoto.

Limebaki kundi dogo ambalo karibu kila muhtasari hulisahau. Watoto waliokuwa na shinikizo la damu la chini sana hawakuachwa bila maji ya haraka, kwa kuwa haikuonekana halali kimaadili. Waligawanywa kati ya albumini na maji ya chumvi tu. Walikuwa 29: kwenye albumini walikufa 9 kati ya 13, kwenye maji ya chumvi 9 kati ya 16. Hapa hapana kundi la kulinganishia, kwa hiyo hapana jibu la swali letu. Hata hivyo linamwonyesha mwanafunzi mpaka wa utafiti: kwa mtoto ambaye presha imeanguka kabisa, makala haijui kama maji ya haraka yanasaidia au yanadhuru.

Sasa twende kwenye matokeo. Yana jedwali moja lenye uzito, nami nitasoma mstari mmoja wake tu.

Ndani ya saa 48 walikufa watoto 111 kati ya 1,050 wa albumini, 110 kati ya 1,047 wa maji ya chumvi, na 76 kati ya 1,044 wa kundi la kulinganishia. Kwa asilimia ni 10.6, 10.5 na 7.3. Mpeni mwanafunzi hesabu hizi za juu na chini kabla ya asilimia yoyote. Mtu mwenye 111 na 1,050 mkononi anaweza kujitafutia kila kitu kingine. Mwenye "asilimia 45" peke yake hawezi kurudi nyuma.

Jambo la kwanza analoliona ni kwamba albumini na maji ya chumvi hazipishani. Kwa hiyo swali la kimiminika gani limejibiwa, na makundi hayo mawili yanaweza kuunganishwa: vifo 221 kati ya watoto 2,097, sawa na asilimia 10.5. Gawanya 10.54 kwa 7.28, yaani asilimia hizo kabla ya kukata desimali, utapata takriban 1.45. Hiyo ndiyo asilimia 45 ya kwenye korido. Ni uwiano, maana yake hatari ya upande mmoja ni mara 1.45 ya upande wa pili. Haimaanishi kwamba watoto 45 zaidi walikufa katika kila mia. Mwanafunzi mgeni huelewa hivyo hasa, na huwezi kumlaumu, ndivyo sentensi inavyosikika.

Kwa hiyo toeni badala ya kugawanya. Kati ya watoto 1,000 wa kundi la kulinganishia walikufa kama 73. Kati ya 1,000 waliomiminiwa maji ya haraka walikufa kama 105. Tofauti ni vifo 32 au 33, kutegemea unavyokata desimali, sawa na kifo kimoja cha ziada kwa kila watoto 31 waliopewa. Wodi ya watoto yenye shughuli nyingi hupokea watoto 31 wa namna hii ndani ya muda usio mrefu, na hakuna tabibu ambaye angekigundua kifo hicho kimoja kwa macho. Kingeonekana kama ugonjwa umemshinda mtoto. Hii ndiyo sababu desturi ilidumu.

Uwiano wa 1.45 umeandamana na masafa ya asilimia 95: kutoka 1.13 hadi 1.86. Msimwambie mwanafunzi "ni muhimu kitakwimu" mkaendelea. Mwambieni kwamba kwa data hii, ongezeko la kweli linaweza kuwa dogo kama 1.13 au kubwa kama 1.86. Kwa lugha ya watoto 1,000, ikiwa vifo vya kawaida ni 73, basi kwa maji ya haraka vinaweza kuwa kuanzia 82 hadi 136. Upana huo ni mkubwa, lakini ncha yake ya chini bado iko juu ya 73. Ukubwa wa madhara una shaka ndani yake. Mwelekeo wake hauna shaka kiasi hicho.

Ongezeni hapo habari ya kusimamishwa. Mpango ulikuwa watoto 3,600. Mwezi Januari 2011 kamati huru ya kufuatilia data ilishauri uandikishaji usimame, wakati watoto 3,141 wa kundi kuu walikuwa wameshaingia. Jaribio likikatizwa mapema kwa sababu tofauti imejitokeza, tofauti hiyo huelekea kukuzwa kidogo, kwa kuwa limesimama wakati namba zimepanda. Hapa lilikuwa limebakiza sehemu ndogo tu, kwa hiyo ukuzaji huo hauwezi kuwa mkubwa. Lakini mwanafunzi ajue kuuliza.

Je, vifo vilichelewa tu kutokea kwa kundi la tatu? Makala iliangalia tena baada ya wiki nne: asilimia 12.2, 12.0 na 8.7. Pengo halikuzibika. Na vingi vya vifo vya saa 48, 259 kati ya 297, vilitokea ndani ya saa 24 za mwanzo.

Sasa kosa ambalo hata wazoefu hulifanya. Msomaji akishaona maji mengi na vifo vingi, kichwa chake kinaunganisha haraka: mapafu yalijaa maji, ubongo ukavimba. Anaandika hivyo kwenye muhtasari kana kwamba ni matokeo. Angalieni jedwali. Watoto walioshukiwa kujaa maji mapafuni au kuongezeka shinikizo la ubongo walikuwa asilimia 2.6, 2.2 na 1.7. Tofauti hiyo ni ndogo kiasi kwamba bahati peke yake ingeweza kuileta, na haitoshi kueleza vifo vya ziada. Makala ya 2011 haikutoa sababu, na muhtasari wake nao usitoe.

Uchambuzi uliofuata, uliochapishwa mwaka 2013 na kundi hilohilo, uliangalia namna watoto walivyokufa. Sehemu kubwa ya vifo vya ziada ilikuwa ya mzunguko wa damu kuanguka: asilimia 4.6 upande wa maji ya haraka dhidi ya 2.6. Na humo kuna jambo ambalo ningependa kila mwanafunzi alione kabla ya kugusa mgonjwa. Baada ya saa moja, dalili za shoki zilikuwa zimeondoka kwa asilimia 43 ya waliopewa maji ya haraka, dhidi ya asilimia 32 ya wasiopewa. Yaani aliyesimama kando ya kitanda aliona maji yanafanya kazi: mguu umepata joto, mapigo yamejaa. Kisha watoto wa kundi hilohilo wakafa zaidi. Kama watafiti wangechagua "shoki kuondoka baada ya saa moja" kuwa kipimo chao kikuu, makala ingechapishwa ikisema kinyume chake, na kila namba ndani yake ingekuwa sahihi. Ndiyo sababu swali la "kilihesabiwa nini, na lini" halikai mwishoni mwa muhtasari kama nyongeza.

Mabishano yaliyofuata yapeni nafasi ndogo. Wengine walisema watoto hawa hawakuwa na shoki ya kweli, kigezo kilikuwa kipana. Hapo ndipo wale 65 wanapoingia: hata wao hawakuonyesha kunufaika na maji ya haraka, ila ni wachache mno kumaliza ubishi. Wengine walisema kwenye hospitali yenye mashine za kupumulia mambo yangekuwa tofauti. Huenda. Makala yenyewe ilijibana kwa uangalifu, ikataja mazingira yenye uhaba wa vifaa barani Afrika, na muhtasari wako usiwe na ujasiri kuliko waandishi. Ingefaa pia kutaja kwamba asilimia 57 ya watoto walikuwa na malaria, na karibu theluthi moja walikuwa na upungufu mkali wa damu. Msomaji wa mahali pasipo na malaria atataka kulijua hilo kwanza.

Nimeahidi kitu cha kuondoka nacho. Huu hapa muhtasari ambao ningempa mwanafunzi wa wiki ya kwanza, kwa karatasi moja:

"Swali: mtoto mwenye homa kali na mzunguko hafifu wa damu, katika hospitali isiyo na chumba cha mahututi, anufaika akimiminiwa maji ya mshipani kwa haraka? Washiriki: watoto 3,141 wa siku 60 hadi miaka 12, hospitali sita za Kenya, Tanzania na Uganda, wote wamelegea, wamepoteza fahamu au wanapumua kwa shida, na wana angalau dalili moja kati ya hizi: damu kurudi ukuchani kwa sekunde 3 au zaidi, miguu baridi, mapigo hafifu, moyo kwenda mbio. Hawakuhusishwa: wenye kuhara, utapiamlo mkali, majeraha. Walichofanyiwa: kwa nasibu, albumini au maji ya chumvi mililita 20 hadi 40 kwa kilo kwa saa moja, au bila maji ya haraka. Wote walipata dripu ya kawaida, dawa, na damu walipoihitaji. Kilichohesabiwa: vifo ndani ya saa 48. Matokeo: 221 kati ya 2,097 kwa maji ya haraka, 76 kati ya 1,044 bila hayo. Ni kifo kimoja zaidi kwa kila watoto 31. Aina ya maji haikuleta tofauti. Baada ya wiki nne pengo lilibaki. Yasiyojibiwa: watoto wenye presha iliyoanguka kabisa, watoto wa kuhara, na sababu ya vifo vya ziada."

Ni maneno kama mia na sitini. Kila sentensi ina ukurasa wake kwenye makala, na mwanafunzi akibisha unaweza kumfungulia.

Kabla hamjaigawa karatasi, ijaribuni kwa mtu ambaye hajasoma makala. Mpeni watoto wanne wa kuwaza, wote wamelegea, na muulize kila mmoja kama utafiti huu unamhusu. Wa kwanza ana malaria, anapumua kwa shida na miguu yake ni baridi. Wa pili anaharisha maji meupe tangu jana. Wa tatu amekonda mpaka ngozi imening'inia mapajani. Wa nne ana homa, na presha yake ya juu ni 45 akiwa na miezi minane. Jibu sahihi ni ndiyo kwa wa kwanza, hapana kwa wa pili na wa tatu, na kwa wa nne ni kwamba alikuwamo lakini hakuwa na wa kulinganishwa naye. Akikosea wa pili, rudi kwenye sentensi ya "hawakuhusishwa", huenda umeificha katikati ya aya. Akikosea wa nne, umesahau kundi dogo. Akisema wa kwanza asipewe maji kabisa, basi "dripu ya kawaida" haikumfikia.

Mtaniuliza kama mwongozo mpya uingizwe humo. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilirekebisha maelekezo yake ya huduma ya dharura kwa watoto: mwenye dalili moja au mbili za mzunguko hafifu asimiminiwe maji ya haraka, na mwenye shoki kamili apewe mililita 10 hadi 20 kwa kilo kwa dakika 30 hadi 60. Uwekeni, lakini chini ya mstari, na mwaka wake mbele. Hayo ni maamuzi ya watu baada ya kusoma FEAST na mengine, nayo yanaweza kubadilishwa tena wakati namba za jedwali zimebaki vilevile.

Nakaribisha maswali. Waanze walioko nyuma.